Sapu sio disko: maneno ya mitihani chuoni kwa wewe wa fasti yia

Wiki moja kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta, mdogo wake rumeti wangu alikuja chumbani kwetu macho mekundu, yuko fasti yia, hajalala siku mbili, akasema anataka kurudi nyumbani kabla chuo hakijamfukuza. Tukamuuliza nani kasema atafukuzwa, akasema kuna kaka wa mwaka wa pili kawaambia hivi pale nje ya lekcha thieta: "Yule mzee anachinja, kosiweki yako ikiwa mbovu sapu unalamba, ukizubaa unadisko, we shika madesa na ukibanwa piga chabo." Yeye alikuwa kashika neno moja tu, kudisko, na hayo mengine yote yakaingia humohumo kwenye hofu kama kitu kimoja.

Nimeamua kuandika kwa ajili yake na kwa ajili yako pia kama uko mwaka wa kwanza kwenye chuo chochote hapa Tanzania, maana ile sentensi moja ina karibu kila kitu unachotakiwa kujua kuhusu mitihani, shida yake ni kwamba imechanganya mambo ambayo kwenye kanuni za chuo yako mbalimbali kabisa. Mtaani maneno haya yanatamkwa kwa pumzi moja, ila ofisi ya mitihani kila neno lina mlango wake. Tuichukue ile sentensi kipande kwa kipande.

Tuanze na kosiweki. Hii ni kazi yote unayofanya ndani ya semesta kabla ya mtihani wa mwisho, yaani testi wani na testi tuu, kwizi za kushtukiza, asaimenti, prezentesheni za grupu, na kwa wa sayansi ripoti za maabara. Mtihani wa mwisho ndio tunaouita UE, yuniveziti eksam, na kwenye vyuo vingi mgawanyo ni kosiweki 40, UE 60, jumla 100. Kwahiyo mtu akikwambia "nimeingia na 28" anamaanisha kosiweki yake ni 28 kati ya 40, ndo maksi anazobeba kuingia nazo kwenye chumba cha UE. Neno hilo "kuingia na" utalisikia sana wiki za mwisho, na ukiulizwa "umeingia na ngapi" ujue hawakuulizi kalamu wala karatasi.

Sasa kwanini watu wanaiogopa kosiweki mbovu. Kufaulu kozi kwa digrii ya kwanza kunaanzia 40, hiyo ni C. Chini ya hapo, 35 mpaka 39 ni D, chini ya 35 ni F (au E kwa vyuo vingine), na F ndio wengine wanaiita bendera kwa sababu ya umbo lake, mti na kitambaa kinapepea. Juu ya C kuna B inayoanzia 50, B+ inayoanzia 60 na A inayoanzia 70. Ukishajua hizo namba unaweza kupiga hesabu yako mwenyewe badala ya kupigiwa na watu wa korido. Yule mdogo wetu nilimwambia aniletee karatasi zake zote. Testi wani alipata 6 kati ya 15, testi tuu 7 kati ya 15, asaimenti 6 kati ya 10. Jumla 19 kati ya 40. Yeye aliiona 19 akajua kafeli tayari, ila ukiangalia vizuri kafeli nini? Hajafeli chochote bado. Ili afike 40 anahitaji 21 kwenye UE yenye maksi 60, ambayo ni asilimia 35 ya pepa. Sio raha lakini sio msiba.

Hapa kuna kitu kimoja cha kuangalia na ndicho kinachoumiza watu kimyakimya. Vyuo vingine vinataka ufaulu kila upande peke yake, yaani kosiweki uwe na angalau asilimia 40 yake, hiyo ni 16 kati ya 40, na UE nayo angalau asilimia 40 yake, hiyo ni 24 kati ya 60. Chuo chenye sheria hiyo kinakuzuia hata kukaa kwenye pepa kama kosiweki haijafika 16, na huyu mwenye 19 kwake inabidi atafute 24, sio 21. Vilevile kuna suala la mahudhurio, vyuo vingi vinadai uwe umehudhuria asilimia 75 ya vipindi, ndio maana utaona watu wanakimbilia kusaini pindi hata kama hawakai. Pindi ni kipindi cha lekcha, na "kudoji pindi" ni kutoroka. Haya yote yameandikwa kwenye kile kitabu cha kanuni mlichopewa wiki ya kuripoti na wengi wakakiweka chini ya begi, kitafute leo, fungua sehemu ya mitihani, ni kurasa chache tu.

Haya sasa, sapu.

Sapu ni mtihani wa marudio wa kozi moja uliyofeli. Neno limetoka kwenye saplimentari na linatumika kama namba: mtu ana sapu moja, ana masapu matatu, kalamba sapu, kakamatwa masomo mawili, yote ni kitu kilekile. Ukisikia "yule kashikwa na takwimu" maana yake ana sapu ya takwimu. Hautakiwi kurudia mwaka, haufukuzwi, haupotezi kozi zako nyingine. Unachofanya ni kurudi kuifanya pepa ya hiyo kozi tu kwenye tarehe zilizopangwa, na mara nyingi inakuwa mwishoni mwa mwaka wa masomo, wenzako wakiwa bado likizo wewe uko chuo unapiga msuli. Kupiga msuli ni kusoma kwa nguvu, na kuna msemo utaukuta ukutani na midomoni mwa kila mtu, "msuli tembo, matokeo sisimizi", unasemwa kwa aliyekesha semesta nzima halafu matokeo yakaja madogo.

Kuna gharama mbili za sapu ambazo kaka wa korido hawezi kukwambia. Ya kwanza, ukiifaulu unaandikiwa C hata kama umepata 80. Ndio maana watu wanasema "sapu haina A". Ya pili, vyuo vingi havihesabu tena kosiweki yako kwenye sapu, ile pepa inabeba maksi zote 100 peke yake, kwahiyo wewe uliyekuwa unategemea kuingia na 28 hiyo 28 haipo. Kuisafisha sapu watu wanasema kuklia. "Nimeklia" maana yake nimefaulu sapu zangu, niko safi.

Mimi mwenyewe semesta ya kwanza nililamba sapu ya takwimu. Niliingia na 17, nikapata 20 kwenye UE, jumla 37, D. Ule usiku matokeo yalipotoka niliandika ujumbe wa kumwambia mama nimefukuzwa, nikaufuta, nikaandika tena. Sikujua tofauti. Mwezi wa tisa nikaifanya, nikaklia, nikaendelea na mwaka wa pili na darasa lilelile. Ndo maana yule binti aliposema amebakiza wiki moja chuo kimfukuze nilikaa naye mpaka saa nane usiku.

Sasa disko, neno lenyewe lililomtoa usingizi. Kudisko kunatokana na kudiskontinyu, chuo kinakusimamisha masomo moja kwa moja, jina lako linatoka kwenye orodha, na kama ulikuwa unasomeshwa na mkopo bumu nalo linakatika (bumu ni ile hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo). Ni kitu kikubwa kweli, sitaki nikudanganye. Lakini hakitokani na kozi moja. Kinachoamua ni GPA, wastani wa mwaka mzima, na mstari wa kuvuka kwenye vyuo vingi uko kwenye 2.0, vingine vimeweka 1.8 kabla ya sapu. Ukiwa juu ya mstari na una kozi umefeli, unafanya sapu. Ukiwa chini ya mstari, hupewi hata hiyo sapu, unadisko. Kwahiyo swali la kujiuliza sio "nimefeli ngapi" ila "wastani wangu uko wapi".

Tuupige huo wastani, hauna ugumu wowote. Kila gredi ina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Kila kozi ina uzito wake, tunaita yuniti au kredit. Unazidisha pointi kwa kredit, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya kredit. Tuseme yule mdogo wetu ana kozi tano, nne za kredit 12 na moja ya kredit 8, jumla 56. Kapata B kwenye ya kwanza, hiyo ni 36. B+ kwenye ya pili, 48. C kwenye ya tatu, 24. Ile ya yule mzee kapata D, 12. Ya mwisho ile ndogo ya kredit 8 kapata B, 24. Jumla 144, gawa kwa 56, unapata 2.57. Ana sapu moja, na yuko mbali kabisa na disko. Akiiklia ile sapu D inageuka C, 12 inakuwa 24, jumla 156, wastani 2.79.

Linganisha na mwenzake mwenye kozi hizohizo ila kapata C mbili, D mbili na F kwenye ile ya kredit 8. Hapo ni 24 na 24 na 12 na 12 na 0, jumla 72, gawa kwa 56 ni 1.29. Huyu ndiye anayedisko. Na angalia kitu hiki, wote wawili usiku wa matokeo watasema "nimekamatwa", neno moja, ila mmoja anarudi mwezi wa tisa kufanya pepa moja na mwingine anafungasha. Kingine, huyu wa pili hajaangushwa na zile kozi tatu alizofeli peke yake, kaangushwa pia na zile mbili alizofaulu kwa C. Mtu mwenye C tupu mwaka mzima ana 2.0 kamili, hana pa kuegemea, D moja tu inamtoa chini ya mstari. Ndio sababu wakongwe wanakwambia usiridhike na C kwenye kozi nyepesi, zile kozi nyepesi ndo zinabeba zile ngumu.

Katikati ya sapu na disko kuna neno lingine, keri. Kukeri ni pale umefanya sapu nayo ikakushinda, ila wastani wako unaruhusu kuendelea, basi unaibeba ile kozi unaenda nayo mwaka wa pili na kuisoma upya na wadogo zako, kosiweki upya, UE upya. Ratiba inagongana, unakimbia kutoka darasa la mwaka wa pili kwenda la kwanza, ila uko chuoni bado. Na usichanganye hayo yote na spesho. Spesho sio kufeli. Spesho ni mtihani wa aliyeshindwa kufanya UE kwa sababu inayokubalika, kaumwa kalazwa, kafiwa, na unafanyika mara nyingi wiki zilezile za sapu ndio maana watu wanadhani ni kimoja. Tofauti yake ni kubwa, spesho inahesabika kama mara ya kwanza, kosiweki yako inabaki, na A unaweza kuipata. Sharti lake ni uombe kwa maandishi na vielelezo kabla ya pepa, au mara tu unapoweza. Nimewahi kuona mtu mwenye malaria kali anajikokota kwenye pepa anapata 9 kati ya 60, akidhani kujiahirishia ni kufeli. Ukishaingia chumbani ukafungua pepa ukaandika, umefanya mtihani, kesho ukileta cheti cha daktari hawakuelewi.

Turudi mwanzo wa ile sentensi, "yule mzee anachinja". Mzee hapa ni lekchara, hata kama ana miaka thelathini na tano. Kuchinja ni kufelisha wengi. Utasikia pia "anakamata", "anabana maksi", na kinyume chake "anamwaga maksi". Mnoko ni yule anayefuata sheria mpaka kwenye nukta, dakika tano umechelewa mlango umefungwa, asaimenti ya saa kumi ukileta saa kumi na dakika moja haipokei. Watu wengi wanamchanganya mnoko na mchinjaji na mimi naona ni kosa, kwa sababu mnoko mara nyingi ni yule ambaye maksi zake unaweza kuzieleza, amekwambia anataka nini na anasahihisha alichosema.

Ukiambiwa mtu anachinja uliza maswali mawili kabla hujaogopa. Darasa lilikuwa na watu wangapi na wangapi walikamatwa? Ishirini kwenye darasa la mia nne ni kitu kingine kabisa na ishirini kwenye darasa la arobaini. Halafu, walikamatwa wapi, kosiweki au UE? Huyo mzee wa ile sentensi tulimfuatilia kwa watu wa mwaka wa tatu, ikaonekana tatizo liko sehemu moja, UE yake ina swali la kwanza la lazima lenye maksi nyingi na kila mwaka linatoka kwenye semina, sio kwenye lekcha, na wanaofeli ni waliokuwa wanadoji semina. Semina zinaendeshwa na TA, yule msaidizi kijana, na huyo TA ndiye mara nyingi anayesahihisha testi zenu. Mfahamu kwa jina, muulize maswali yako.

Kuna jambo moja ambalo kwenye korido linasemwa kwa kicheko na mimi sitalisema hivyo. Ukisikia "kukamatwa kwa makusudi" au lekchara akakwambia njoo sehemu fulani tumalizane kuhusu maksi zako, hiyo ina jina kamili, ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Tunza ujumbe wote, usifute hata mmoja, na mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo.

Sasa kipande cha mwisho, "shika madesa na ukibanwa piga chabo", na hapa ndipo yule kaka alikosea vibaya maana kaweka halali na haramu kwenye mstari mmoja. Madesa ni noti, hendauti, mihtasari iliyochapwa na kutolewa kopi mpaka herufi zimefifia, pamoja na pasti pepa zilizosolviwa. Kushika desa hakuna ubaya, kila mtu ana desa. Ubaya wa desa ni umri wake tu, unakuta linazunguka miaka sita, lekchara kashabadilisha nusu ya kozi na wewe unameza yaliyotolewa. Fungua muhtasari wa kozi wa mwaka huu, weka pembeni ya desa, piga tiki mada kwa mada, zilizokosekana ndo unaenda kuzitafuta maktaba.

Ila ukiligeuza neno liwe kitendo, kudesa, maana inabadilika. Kudesa ni kunakili kazi ya mwenzako, iwe asaimenti au ndani ya mtihani. Herufi mbili tu zimeongezeka mbele na umetoka kwenye kusoma umeingia kwenye kosa. Kupiga chabo ni kuchungulia karatasi ya jirani, wengine wanasema kuangalizia. Kibomu ni kikaratasi chenye majibu unachoingia nacho, kimeandikwa kwa herufi za sisimizi na kufichwa kwenye soksi, kwenye kava ya kalkuleta, kwenye mkono wa shati. Ndugu zetu wa Kenya wanakiita mwakenya, jina la ile harakati ya siri ya miaka ya 1980 iliyokuwa inasambaza vikaratasi vya chinichini dhidi ya serikali, na hilo jina pekee linakuonyesha kitu chenyewe kinavyobebwa. Mamluki naye ni mtu anayekufanyia mtihani kwa jina lako, huyo mkikamatwa mnaondoka wawili.

Kitu ambacho wa fasti yia wengi hawakijui ni kwamba kwenye kanuni za vyuo vingi kosa sio kukitumia kibomu, kosa ni kuwa nacho. Msimamizi akikuta karatasi mfukoni hahitaji kuthibitisha uliifungua. Simu nayo ni hivyohivyo hata kama imezimwa. Wanafunzi wa sheria wanaoruhusiwa kuingia na vitabu vya sheria wanaumia kwa sababu waliandika maelezo pembeni ya kifungu wakati wa kusoma wakasahau kuyafuta. Kinachofuata hapo kinafanana vyuo vingi, karatasi inachukuliwa, mnajaza fomu na kusaini, suala linaenda kamati ya mitihani, unaitwa kujieleza, na ukikutwa na hatia adhabu ya kawaida ni kudisko. Ndiyo, ile disko ileile. Kwahiyo angalia ushauri wa yule kaka ulikokuwa unampeleka mdogo wetu: alikuwa na kosiweki 19, njia yake mbaya kabisa ilikuwa sapu moja na wastani wa 2.57, na dawa aliyopewa ya kuikwepa hiyo sapu ndiyo kitu pekee kwenye sentensi nzima ambacho kingeweza kumfukuzisha chuo.

Asubuhi ya pepa kwahiyo fanya hivi. Geuza mifuko yote nje kabla hujafika mlangoni, hata risiti toa. Simu iache chumbani. Angalia kalkuleta nyuma na ndani ya kava. Beba kitambulisho na kalamu mbili. Hesabu za kujaribia zifanyie ndani ya kijitabu cha majibu na uzikate kwa mstari, usiandike kwenye karatasi yako wala kiganjani. Jirani akikuuliza kitu kwa kunong'ona usimjibu hata kwa kutikisa kichwa, anayepigiwa chabo kwa hiari naye anahesabiwa. Na kabla hujatoka hakikisha umesaini karatasi ya mahudhurio na namba yako ya mtihani iko sawa.

Simu ya mwisho ya yule mdogo ilikuja baada ya pepa zote kwisha. Matokeo yalitoka usiku, yule mdogo kafungua mfumo wa matokeo, kwa yule mzee kapata 44, C, hakulamba kitu. Ila kozi nyingine haikuwa na gredi, ilikuwa na herufi I. Akapiga simu analia tena, "dada nimepata I, ni mbaya kuliko F?" I ni inkompliti, maana yake kuna kipande cha maksi hakijaonekana, ama testi haikuingizwa ama jina halikuwa kwenye orodha ya waliofanya pepa. Sio kufeli, lakini ukiiacha mpaka bodi ya chuo ikae inaweza kugeuka kuwa kufeli, kwahiyo haisubiri. Kesho yake akaenda idarani na karatasi yake halisi ya testi tuu, ile ambayo wenzake walishatupa, ikaonekana maksi za nusu ya safu yao zilirukwa wakati wa kuingiza. Ijumaa ile I ilikuwa imeshakuwa B.